Tangazo la Fusae

Fusae Kuramochi alikuwa na adabu kupita kiasi, na adabu hiyo nusura imfungie duka. Alikuwa akiuza tofu, jibini laini la soya, katika mtaa wa maduka wenye paa, upande wa kusini wa Osaka, mtaa ambao watu wake hutaniana kabla ya kuamkiana. Mumewe Eikichi alikuwa huko nyuma kwenye mvuke, akisaga soya na kugandisha maziwa yake tangu alfajiri. Mkewe ndiye aliyekaa mbele, akikata, akifunga, na akipokea maneno ya watu.

Bei yao haikupanda tangu Mizuho, mke wa mtoto wao, alipokuwa shule ya msingi. Sasa Mizuho alikuwa mtu mzima, ndiye aliyeshika hesabu za duka, na mwezi Februari aliwaweka wazee wake chini akawaambia ukweli. Soya imepanda, gesi imepanda, hata vile vibakuli vya plastiki vimepanda. Wakiendelea hivi duka halimalizi mwaka.

Eikichi alichukia. Kwake kupandisha bei ilikuwa sawa na kukiri kwamba ameshindwa kazi. Mwishowe alikubali kwa sharti moja, akalisema huku akitazama pembeni.

"Aprili wateja wakitukimbia, nazima jiko. Sitaki kuuza tofu kwa kuombaomba."

Fusae alimjua mumewe. Mtu huyu akisema nazima, huzima. Alikuwa amezaa na kulea akiwa nyuma ya meza ile, na wazo la kuamka asubuhi bila harufu ya soya lilimtia baridi ya mifupa.

Mizuho alitengeneza tangazo kwenye kompyuta. Juu kabisa, kwa herufi nene, aliandika kwamba bei zinabadilika kuanzia tarehe mosi Aprili. Chini yake zikafuata sababu kwa mistari miwili, kisha bei ya zamani na bei mpya kando kwa kando: tofu ngumu kutoka yeni mia na hamsini hadi mia na tisini, ya kukaanga kutoka tisini hadi mia na kumi. Mwisho lilikuwa ombi la radhi na shukrani. Tangazo zuri, mwezi mzima kabla ya siku yenyewe, na lilisomeka kwa kupepesa jicho mara moja.

Fusae alilisoma akashika shavu.

"Mwanangu, hii ni kumzaba mtu kibao halafu ndiyo umwamkie."

"Mama, watu wanataka kujua bei."

"Watajua. Lakini kwanza washukuriwe."

Basi Jumanne jioni akatoa wino na brashi, akaandika kama alivyofundishwa na mama mkwe wake. Alianza kwa kuwashukuru wateja kwa fadhila zao za miaka mingi. Akaendelea kusema kwamba duka limejikaza kwa kila namna, lakini hali imefika mahali ambapo nguvu zake peke yake hazitoshi. Akaomba radhi kwa uamuzi huu wa kujifikiria wenyewe, utakaoanza tarehe mosi Aprili. Sababu zikafuata, kisha msamaha mwingine, na huko chini kabisa, kwa maandishi membamba yenye haya, zikaja bei. Neno "bei" halikuonekana popote katika nusu ya juu. Mizuho aliuliza kama kuna atakayesoma mpaka chini. Fusae akasema mwenye adabu atasoma.

Walishusha mlango wa chuma, wakalibandika hapo. Na kesho yake ilikuwa Jumatano, siku ambayo duka hilo halifunguliwi.

Siku hiyo wazee wawili walivaa vizuri wakaenda kwa wateja wao wa jumla, maana mwenye mkahawa hupashwa habari ya bei uso kwa uso, huku umeinamisha kichwa, barua mkononi na kijizawadi juu yake. Mzee Hamaguchi, mwenye kibanda cha supu ya oden, aliipokea barua bila kuifungua. Alisema alikuwa akijiuliza watakuja lini, kila mtu alishapandisha isipokuwa wao, na alikuwa ameanza kuona haya kununua. Fusae alirudi nyumbani anatembea kama msichana. Hata Eikichi alipiga mluzi kidogo, kisha akaacha alipogundua kwamba anasikika.

Alhamisi asubuhi Mizuho aliinua mlango wa chuma, tangazo likapanda nalo, akasimama kama aliyegandishwa yeye mwenyewe.

"Mama, njoo uone."

Foleni ilikuwa imetoka mlangoni, ikapita duka la viatu, ikaishia kwenye duka la dawa. Moyo wa Fusae ulimpasuka kwa furaha. Aliwaza kwamba wamesoma tangazo na wamekimbilia bei ya zamani. Lakini tofu si mchele, haiwekwi akiba ya mwezi, na hilo lilimkwaruza akilini kidogo tu, kwa sababu mikono haikupata nafasi ya kuwaza. Alikata, akafunga, akakata tena. Watu walinunua mbili mbili. Wengine waliomba kupiga picha na bango la duka. Bibi mmoja alimshika mkono wake uliolowa asiuachie. Mwingine alileta keki za maharage, na mwingine shada la maua lenye utepe mweupe.

Fusae alijiambia kwamba hiyo ndiyo nguvu ya kuandika kwa heshima. Alimtupia Mizuho jicho la ushindi, na Mizuho, masikini, alianza kuamini.

Akaja mwanamke mmoja mwembamba, Nawata, aliyekuwa mteja wa kila siku zamani, kisha akapotea kabisa.

"Nilihamia ile ya duka kubwa," alisema kwa sauti ndogo. "Ilikuwa rahisi, tena duka liko njiani kwangu. Nisamehe, mama. Niliacha mbachao kwa msala upitao."

Machozi yalimtoka. Fusae naye yakamtoka, bila kujua wanalia nini. Huko nyuma Eikichi alichungulia katikati ya mvuke, akaona umati unalia mbele ya tofu yake, akarudi haraka kujifuta uso kwa taulo ya shingoni.

Kabla ya adhuhuri mapipa yalikuwa matupu. Kutengeneza nyingine haikuwezekana, kwani soya hulowekwa tangu jana yake, na kila jioni mzee hukadiria kwa imani tu kesho watakuja wangapi. Waliobaki kwenye foleni hawakuondoka. Mbele yao alisimama Torigoe, msusi wa duka la jirani, mwanamke mwenye mdomo usiolipiwa kodi. Leo hata yeye sauti ilikuwa imemkauka.

"Sasa kuanzia Aprili sisi tule nini, Mama Tofu?"

"Si tofu hii hii?"

"Ya nani?"

"Ya nani tena? Ya mzee."

Torigoe akamtazama, akamtazama Mizuho, akatoa simu. Kwenye kundi la wenye maduka kulikuwa na picha iliyopigwa Jumatano: mlango wa chuma uliofungwa, na juu yake karatasi ya brashi, nusu yake ya juu tu. Shukrani za miaka mingi. Nguvu hazitoshi. Radhi. Tarehe mosi Aprili. Chini ya picha watu zaidi ya mia walikuwa wameandika masikitiko yao. Katika mtaa huo maduka matatu yalikuwa yamefungwa mwaka uliopita, na kila moja liliaga kwa maneno hayo hayo ya heshima.

"Hamfungi?" Torigoe aliuliza.

Fusae alihisi masikio yanawaka moto. Akasema kwa sauti ambayo hata paka asingeisikia kwamba hawafungi, wanapandisha bei.

"Kwa kiasi gani?"

"Yeni arobaini."

Torigoe akaangua kicheko kilichotikisa vioo.

"Yeni arobaini! Mimi nimechangia maua ya elfu tatu! Mama, ungesema tu, ningekupa arobaini zako nikalala usingizi!"

Foleni nzima ilicheka, watu wakishikana mabega, wengine machozi ya zamani bado mashavuni. Mtu mmoja akauliza kama keki zinarudishwa. Fusae alitaka ardhi impokee. Lakini katikati ya aibu ile kulikuwa na furaha kubwa inayomtekenya kifuani, naye akajikuta anacheka pia, mkono mdomoni.

Eikichi alitoka nyuma na buti zake za mpira. Kicheko kikapungua. Alikuwa amesikia yote, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Kwa hiyo mlikuja kuzika," alisema.

Nawata aliangalia viatu vyake.

Hapo ndipo Fusae alipoona hatari. Mzee angeweza kuichukulia kuwa fedheha, akazima jiko siku hiyo hiyo. Akazunguka meza, akaushusha mlango wa chuma kidogo, akalibandua tangazo lake, ule mlima wa heshima, akanyoosha mkono kwa Mizuho. Mizuho alikuwa nalo tayari, lile la kompyuta, chini ya meza. Walilibandika pamoja ukutani. Watu walisogea wakasoma, na walipomaliza kusoma walitikisa vichwa kwa kuelewa, basi.

Fusae akawageukia, akainama mpaka paji la uso likakaribia magoti. Kisha akainuka na kusema kitu ambacho hakuwahi kumwambia mteja maishani mwake.

"Maua nimepokea. Sasa tarehe mosi mje mle. Ahadi ni deni."

Mwezi ulipita, watu wakija kama kawaida, wala si zaidi. Aliyelia halipi, alisema Eikichi, na jioni ya mwisho ya Machi aliloweka soya kidogo kuliko siku zote.

Tarehe mosi mvua ilinyesha. Mlango uliinuliwa, na mbele ya duka hakukuwa na mtu. Fusae alipanga tofu majini, akazipanga upya. Mizuho alifuta meza iliyokwisha kufutwa. Huko nyuma jiko lilinguruma, na Fusae alilisikiliza kama mtu anavyosikiliza pumzi za mgonjwa.

Mwavuli wa kwanza ulikuwa wa Nawata. Alikuwa amebeba bakuli lake mwenyewe kutoka nyumbani, kama walivyofanya watu wa zamani. Fusae alifungua mdomo ataje bei mpya na kuomba radhi, lakini Nawata alikwishafungua kiganja. Ndani yake zilikuwa yeni mia na tisini kamili.

Nyuma yake alikuwa Torigoe, naye ameshika sarafu kamili, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. Kisha mwavuli mwingine, na mwingine. Haikuwa foleni ya kufika duka la dawa. Lakini mmoja baada ya mwingine walifungua viganja, na Fusae hakuombwa chenji wala hakutakiwa kutaja bei asubuhi ile yote. Walikuwa wamesoma mpaka chini.

Saa nne tofu zikaisha. Fusae alikwenda nyuma kumwambia mumewe, akamkuta amesimama kwenye mapipa ya kulowekea, gunia limefunguliwa, anamimina.

"Hiyo inatosha," alisema Fusae. "Ndicho kipimo chako cha siku zote."

"Najua," alisema Eikichi, akaongeza ndoo nyingine.