Mafuta ya Dada Rogathe

Efrazia na Rogathe walikuwa watoto wa mama mkubwa na mama mdogo, lakini walikulia nyumba moja huko Tumati, kwa sababu mama yake Rogathe alifariki mapema. Walilala kitanda kimoja, wakavutana blanketi moja kwenye baridi ya Juni. Rogathe, aliyekuwa mkubwa, ndiye aliyemfundisha Efrazia kusuka nywele na kukamua ng'ombe mkorofi bila kupigwa teke. Walipoolewa, Efrazia akaenda Nambis kulima vitunguu saumu na mumewe Bonaventura, Rogathe akafungua saluni Dongobesh. Hata hivyo, Efrazia akiulizwa ana ndugu wangapi, alimhesabu Rogathe wa kwanza.

Kwa hiyo, alipomzaa Lucia na mashavu yake mwenyewe yakabaki na madoa meusi yasiyofutika, hakwenda kwa mtu mwingine.

"Hayo ni ya uzazi tu, mdogo wangu," Rogathe alimwambia, akimshika kidevu kumgeuzia kwenye mwanga. "Nina mafuta yangu nachanganya mwenyewe. Karoti, parachichi na vitu vya asili. Paka asubuhi na jioni."

Akampa kopo jeupe lisilo na maandishi. Ndani mlikuwa na mafuta mazito ya rangi ya kijivujivu. Madoa yalififia upesi mno. Uso ukang'aa, lakini shingo ikabaki nyuma, ikawa kama ya mtu mwingine. Rogathe akasema apake na shingo. Kisha mikono. Kisha miguu. Kanisani wanawake wakamsifu, na Efrazia, ambaye maisha yake yote hakuna aliyewahi kumgeukia kumtazama, alifurahi. Tusimlaumu kwa hilo.

Mwaka wa pili mwili ulianza kusema. Jua la shambani, ambalo hakuwahi kulijali, likawa linamchoma kama mvuke wa sufuria. Vijishipa vyekundu vikajichora kwenye mashavu. Mapajani na kwapani ikatokea michirizi mipana. Akijigonga kidogo tu kwenye mlango, pale panavilia damu ya zambarau. Siku moja mundu ulimkwaruza mkono, mkwaruzo mdogo ambao zamani ungepona bila yeye kukumbuka; safari hii ulikaa wazi, ukatoa majimaji, ukakataa kufunga.

Aliwahi kujaribu kuacha. Alikwenda kumuuguza mama mkwe wake Gitting akasahau kopo nyumbani. Siku chache tu, uso ukavimba, ukawa mwekundu, ukawaka moto na kuwasha hadi akawa analala na kitambaa cha maji usoni. Alipompigia Rogathe simu, Rogathe alicheka.

"Unaona? Ngozi inayadai mafuta yake. Rudi upake."

Akarudi, akapaka, moto ukazima. Akamshukuru.

Kilichomtisha hatimaye hakikuwa ngozi. Miguu yake ilianza kuvimba, ukibonyeza kwa kidole panabaki shimo. Mkojo ulitoka na povu lisilokatika. Mikono ikawa inatetemeka akishika kikombe, na alikuwa anasahau hata alichoingilia jikoni. Bonaventura, mtu wa maneno machache, alimwangalia asubuhi moja akihangaika kufunga kifungo cha gauni, akasema, "Leo vitunguu vitasubiri. Twende hospitali."

Hospitalini Mbulu walipokelewa na Daktari Restituta, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Alipima presha, ikawa juu. Alipima mkojo, akakuta protini nyingi. Kisha akauinua mkono wa Efrazia, akautazama ule mkwaruzo, halafu vifundo vya vidole, ambavyo vilikuwa vimebaki vyeusi wakati mkono mzima umekuwa mweupe.

"Mama, unapaka nini?"

"Mafuta ya karoti, daktari. Anachanganya dada yangu."

"Karoti haifanyi hivi." Hakusema kwa ukali. "Ngozi yako imekuwa nyembamba kama karatasi. Hiyo huwa ni kazi ya steroidi, dawa kali ambayo sisi tunampa mgonjwa kidogo, sehemu ndogo, kwa muda mfupi. Lakini figo kuvujisha protini na mikono kutetemeka, hapo nahofia zebaki. Sumu hiyo hutiwa kwenye mkorogo wa kujichubua kwa sababu inazuia ngozi kutengeneza rangi yake."

"Basi naacha leo," alisema Efrazia.

"Hapo ndipo pana kazi. Kama ni zebaki, unaacha leo hii. Kama ni steroidi umepaka mwili mzima kwa muda mrefu, ukiacha ghafla bila sisi, ngozi italipuka, na mwili wenyewe unaweza kuishiwa nguvu ukaanguka, kwa sababu umezoea kupokea dawa kutoka nje ukaacha kutengeneza ya kwake. Nahitaji kujua kilichomo. Niletee kopo. Na kama dada yako atakubali, niletee na alivyochanganyia."

Bonaventura alitaka kwenda naye Dongobesh. Efrazia akakataa. Alikuwa bado anaamini kwamba Rogathe naye alidanganywa na mtu, na kwamba akimkuta peke yake watalia pamoja.

Saluni ilikuwa tupu mchana ule. Rogathe alikuwa anafua taulo. Efrazia akamweleza yote, miguu, povu, daktari.

"Madaktari wanapenda kutisha watu," alisema Rogathe bila kugeuka. "Ni karoti, Efrazia. Na parachichi. Umekula nini huko kwenu?"

"Dada, niangalie. Sili kitu kipya. Nimechoka. Hata Lucia siku hizi halali, analialia tu usiku kucha, na hataki kulala mpaka nimlaze kifuani."

Taulo ikaanguka kwenye beseni.

"Kifuani? Ukiwa umejipaka?" Rogathe aligeuka, uso umemshuka. "Nani alikwambia umlaze mtoto kifuani? Mtoto asiguse yale mafuta! Hata taulo yako asiguse!"

Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni. Efrazia alimtazama mwanamke yule aliyelala naye kitanda kimoja, na kwa mara ya kwanza akaona kitu ambacho alikuwa anakiona siku zote: mikono ya Rogathe, uso wake, shingo yake, vyote vilikuwa na weusi ule ule wa utoto wao, laini, mzima, bila doa.

"Kwa hiyo ulijua," alisema.

"Nilisikia tu kwamba watoto..."

"Wewe mwenyewe hupaki."

"Ngozi yangu haipokei."

"Hupaki, dada. Ulinipaka mimi. Nilipoungua Gitting nikakupigia nalia, ukanicheka, ukaniambia nirudi kupaka. Ulijua."

Rogathe akaketi kwenye kiti cha wateja. Alisema wote wanauza, kwamba wateja wenyewe ndio wanaoomba, kwamba asipouza yeye atauza mwingine. Alisema mengi. Efrazia alikuwa anasubiri neno moja tu katikati ya hayo yote, nalo halikuja.

"Nionyeshe unachochanganya."

"Ili unipeleke polisi?"

"Ili daktari ajue namna ya kuniachisha nisife. Na mwanangu."

Baada ya muda Rogathe aliinuka, akavuta boksi chini ya meza. Mlikuwa na tyubu za dawa zilizokamuliwa, na kopo la krimu ya kijivu ambayo, alisema, huletwa mnadani na mfanyabiashara asiyemjua jina. Kisha akaushika mkono wa Efrazia.

"Chukua uchome moto yote ukifika nyumbani. Mwambie daktari umenunua barabarani. Usitaje jina langu, mdogo wangu. Nakuomba."

Efrazia akautoa mkono wake taratibu. Hakuahidi kitu.

Daktari Restituta alizisoma zile tyubu moja moja. Klobetasoli, alisema, steroidi kali kuliko karibu zote za kupaka. Krimu ya kijivu aliifunga vizuri ndani ya mfuko wa plastiki ili ipelekwe maabara kubwa pamoja na mkojo wa Efrazia na wa Lucia.

"Umefanya vizuri kutochoma. Zebaki ikiungua inakuwa mvuke, na mvuke ndio unaingia mwilini vibaya zaidi. Hata chooni haitupwi."

Mkorogo wenyewe aliuzuia palepale. Mahali pake akampa steroidi nyepesi zaidi, apake kwa kiasi na kwa ratiba, kisha siku moja apake nyingine aruke, hadi aache kabisa. Alimtoa damu ya asubuhi kuona kama mwili bado unajitengenezea homoni yake, na majibu yalipoonyesha iko chini, akamwandikia vidonge vya kuusaidia, akimwonya asivikatize mwenyewe. "Ukitapika, ukasikia kizunguzungu au nguvu zimekwisha, usisubiri kesho." Mengine yalikuwa mepesi: mafuta mazito ya kawaida yasiyo na manukato, kofia pana, kivuli. Taulo na mashuka yake yafuliwe mbali na ya familia. Yaliyolowa mafuta yafungwe kwenye plastiki yaletwe hospitali.

Majibu ya maabara yakaja. Zebaki ilikuwepo ndani ya krimu, ndani ya Efrazia, na kidogo ndani ya Lucia. Mabingwa wakashauri mtoto aondolewe tu kwenye sumu na apimwe tena na tena. Efrazia aliyasikia maneno "kidogo ndani ya Lucia" akashika ukingo wa meza. Daktari alipouliza mkorogo ulitoka wapi, kwa kuwa kulikuwa na wanawake wengine wanaopaka bila kujua, akataja saluni, akataja jina. Alilitaja jina zima, kama linavyoitwa kanisani.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu. Hata kwa ratiba ile, uso uliwaka, ukabambuka, ukatoa vipele. Watu waliomsifu sasa walimtazama na kugeuka. Bonaventura alimchemshia uji na kumpungia kanga usoni, na hakumuuliza hata mara moja kwa nini alianza. Polepole povu likapungua kwenye mkojo, miguu ikarudi. Lucia akaanza kulala. Michirizi haikuondoka, na daktari alimwambia ukweli kwamba haitaondoka.

Maafisa walikuja Dongobesh, wakabeba makopo, wakafunga saluni, na redio ikatangaza. Ukoo ukagawanyika. Mama yake Efrazia, Agatha, aliyewalea wote wawili, akawaita nyumbani Tumati. Efrazia alimwamkia mama, kisha akakaa mbali.

"Umenisaliti," Rogathe alianza, machozi yakimtoka. "Damu moja, ukanitaja kwa serikali."

"Wateja wako wangapi wana watoto?" Efrazia aliuliza. "Umewaambia?"

Rogathe akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Wafuate. Nyumba kwa nyumba. Waambie wasiache ghafla peke yao, waende hospitali na makopo yao. Waambie kilichomo, kwa mdomo wako."

"Watanipiga."

"Labda."

Mama Agatha alilia, akawaomba washikane mikono mbele yake kabla hajafa. Rogathe akanyoosha wake. Efrazia aliutazama mkono ule muda mrefu. Alikumbuka jinsi ulivyokuwa ukimfunika blanketi, na kukumbuka huko ndiko kulikomuuma kuliko moto wote wa usoni.

"Mama, nisamehe," alisema. "Siwezi leo. Nitakapojua amefika kwenye mlango hata mmoja, utaniita tena."

Akavaa kofia yake pana, akamchukua Lucia, akatoka kwenda kusubiri gari la Mbulu. Wiki ile ile mwanamke mmoja wa Dongobesh alifika hospitalini na kopo jeupe ndani ya mfuko. Alipoulizwa nani alimtuma, alisema hakutumwa na mtu wala hakuna aliyefika mlangoni kwake, alisikia tu tangazo redioni.