Uji wa Nesi

Katika ofisi yao ndogo mjini Kasulu, Benita na Floribert walikuwa wakikusanya tafiti za watu wengine kuhusu wanawake waliojifungulia kwenye vituo vya afya, wasome maneno ya akina mama humo na kuyaunganisha yatoe picha moja. Asubuhi hiyo Floribert alikuwa anatamba. Mada ya kupuuzwa na wahudumu, alisema, imesimama imara, maana tafiti tatu za Kibondo zinaithibitisha.

Benita akazipitia. Katika makala ya kwanza mama mmoja alisema: "Nilimwambia nesi kichwa kinatoka, akasema nisubiri amalize uji." Akacheka peke yake. Katika ya pili, uji ulikuwepo. Katika ya tatu pia, ila mfasiri fulani mvivu alikuwa ameugeuza chai.

"Hizi si tafiti tatu, kaka," alisema. "Ni mahojiano yaleyale yaliyochapishwa mara tatu. Tazama, mwezi uleule, kituo kilekile. Tuzihesabu kama utafiti mmoja."

Floribert akakagua, akanuna. "Ushahidi wetu utapungua, dada. Na huyo mama anastahili kusikika. Una hakika gani ni mtu mmoja?"

"Mtoto wake yuko darasa la pili, na kila asubuhi ananidai uji." Benita akamsogezea kompyuta. "Andika pia kwamba mmoja wetu aliwahi kuhojiwa katika utafiti huo, wasomaji wajue nina upande."

Floribert alimkodolea macho. "Kumbe ni wewe? Na bado unajipunguza?"

"Nilimzaa mara moja, Floribert. Nihesabu mara moja."