Mwisho wa Tiketi

Baba alikuwa utingo wa mabasi ya masafa marefu karibu maisha yake yote ya kazi, na utingo akistaafu analiacha basi tu, tabia anaondoka nazo. Hata leo akipanda gari la mtu hatulii mpaka ajue mizigo imewekwa wapi na nani kaifunga. Kazini alikuwa na ishara mbili. Akigonga bodi ya basi mara moja, dereva anasimama. Akigonga mara mbili, dereva anaondoa gari. Na kila basi liliposimama, hata kwa ajili ya abiria mmoja aliyebanwa na haja, Baba aliruka chini akasimama kwenye buti, kwa sababu buti likifunguliwa na macho yakiwa pembeni, begi la mtu linashuka kabla ya mwenyewe. Mama ni fundi cherehani, na amemcheka kwa tabia hiyo tangu uchumba.

Mimi ni kitinda mimba wao. Kwenye safari hii ninayoisimulia sikuwapo, lakini habari nimeipata kwa Baba na nimeipata kwa Mama, kila mmoja kwa wakati wake na kila mmoja akiniomba nisimsikilize mwenzake. Walipokubaliana nimeandika bila wasiwasi. Waliposigana nimeandika kile kilichomuumbua msemaji mwenyewe, maana hicho mtu hakitungi.

Dada alikuwa anaolewa ughaibuni, anakofanya kazi. Gauni alisema lazima lishonwe na Mama, la sivyo ataolewa amevaa sare za kazini. Mama akalishona. Lilikula miezi, likala na macho yake, na nyumba nzima tulijifunza kutembea ukutani ili tusikanyage kitambaa. Lilipokwisha alilikunja ndani ya mashuka mawili aliyoyabana kwa vibanio vyake vya nywele, akalilaza kwenye sanduku kubwa la magurudumu, juu ya suti ya Baba na gauni lake yeye mwenyewe la sherehe. Kulibeba mkononi alikataa katakata. Alisema ndani ya ndege watu wataliegemea. Baba akalifunga sanduku kwa kamba ya manila, fundo lile lile la kwenye keria ya basi, na Mama akasema sasa tunaonekana tunahama.

Safari ilikuwa ya ndege tatu, na harusi ilikuwa kesho yake. Dada ndiye aliyekata tiketi kutoka huko aliko. Ndege mbili za kwanza zilikuwa kwenye tiketi moja. Ya tatu ilikuwa ya kampuni nyingine, ndogo, aliyoikatia tiketi yake peke yake kwa kuwa kwa njia hiyo ilikuwa nafuu. Kadi za kupandia ndege hiyo ya tatu alizituma kwenye simu yangu, nikaenda kuzichapisha dukani. Wakaondoka nazo mkobani, na kila mtu akaona mambo yote yamekamilika.

Kaunta ya uwanja wa nyumbani karani alilipima sanduku, akafunga lebo ndefu kwenye mshikio, na kipande kidogo cha lebo hiyo akakibandika nyuma ya kadi ya Baba.

"Sanduku tutaliona wapi?" Baba aliuliza.

"Mtalichukua mwisho wa tiketi, mzee."

Hapo ndipo wazazi wangu walipoachana. Mama alisikia neno mwisho. Baba alisikia neno tiketi. Wameishi ndoa moja miaka yote hiyo na masikio hayajawahi kuzoeana.

Kituo cha kwanza ndege ilipotua, Baba alikuwa wa kwanza kusimama. Abiria wanaounganisha ndege walielekezwa ngazi za juu, yeye akashika njia ya chini, kwenye picha ya sanduku. Mama alimwita, hakugeuka. Alifika mpaka kwa mama mmoja mwenye sare aliyekuwa kwenye meza ya maulizo, akamwambia anataka kushuka kuangalia buti.

Yule mama hakucheka, na Baba anamshukuru mpaka leo. Aligeuza kadi yake akamwonyesha kile kipande cha lebo. "Unaziona hizi herufi tatu kubwa? Hizi ndizo za uwanja ambapo mzigo wako unashuka. Hapa sipo. Mzigo wako unahamishwa na wafanyakazi, unatoka ndege hii unaingia hiyo nyingine. Wewe panda juu tu."

"Na nikifika penye herufi hizi?"

"Hapo unauchukua."

Alirudi juu akamkuta Mama kasimama mikono kiunoni. Abiria wengine walikuwa wamekaa wanangoja, na Mama hana sauti ya chini.

"Umeliona buti?"

"Hawafungui."

"Hawafungui! Mwanamume mzima unataka kuchungulia ndege kama basi la mnadani. Mwanao anaolewa kesho, wewe unatafuta kutuachisha ndege kwa ajili ya fundo la kamba. Karani si alikwambia? Mwisho. Sanduku litatangulia kufika kuliko wewe."

Watu walicheka, si wengi. Baba alikaa. Anasema hakukasirika. Mama anasema alinuna mpaka mbinguni, na hapa namwamini Baba kidogo na Mama zaidi, maana Baba huyo huyo aliniambia kwamba katika ndege ya pili alikataa hata chai.

Lakini aliendelea kukitazama kile kipande cha lebo. Ndege iliposhuka kituo cha pili, mchana mweupe, aliona kwenye kioo cha ukumbi herufi tatu zimeandikwa kubwa, chini ya neno la kukaribisha wageni. Akageuza kadi. Zilikuwa zile zile.

"Mama watoto," alisema. "Sanduku linashuka hapa."

"Umeanza."

"Tiketi imeishia hapa. Hii nyingine ni tiketi mbali. Herufi ni hizi, tazama."

Mama hakutazama. Mkononi alikuwa na kadi za ndege ya tatu, zenye jina lake, namba ya kiti na namba ya lango, na mshale wa kuunganisha ndege ulikuwa mbele yake. "Kadi ninazo. Lango ninalijua. Mtu mwenye kadi anarudi kaunta kufanya nini? Mimi leo sitakimbizana na wewe uwanjani." Alimpa kadi yake, akafuata mshale.

Baba alisimama katikati. Aliniambia aliogopa sana, na si mtu wa kuniambia hivyo. Akimfuata Mama, wangefika harusini bila gauni, na lile sanduku lingezunguka pale mpaka lichoke. Akifuata sanduku, huenda amekosea tena, huenda na ndege ikamwacha, na Mama hatamsamehe. Simu zao hazikushika mtandao wa kule. Alikwenda kwenye sanduku.

Bahati yao nchi ile haikuwadai viza, vinginevyo habari ingeishia kwenye dirisha la uhamiaji. Walimgongea muhuri, akashuka. Mkanda wa mizigo ulikuwa unazunguka na watu wamekwisha kutawanyika. Sanduku lilikuwa linakuja taratibu, peke yake, na fundo lake juu. Baba anasema alilisalimia.

Akalipitisha forodha, akatoka nje kwenye wapokeaji wageni, akapanda na lifti hadi kaunta za wanaosafiri. Kaunta ya ile kampuni ndogo msichana alikuwa anafunga droo.

"Binti, nina mzigo wa ndege hii."

Binti alitazama kadi, akatazama saa. "Baba yangu, kupokea mizigo tumefunga. Wewe mwenyewe bado unaweza kupanda ukikimbia, lango halijafungwa. Sanduku haliwezi."

"Kampuni niliyokuja nayo haikuwaletea?"

"Hatuna mapatano nao. Kwetu mzigo unaanza hapa kaunta. Ungekuwa na tiketi moja wangetukabidhi wao."

"Na mkononi?"

"Hilo? Hapana. Kitu kidogo tu."

Baba alipiga magoti sakafuni akafungua fundo. Ni fundo la kufunguliwa kwa mvuto mmoja ukilijua. Akalitoa gauni na mashuka yake. Suti akaiona. Gauni la Mama la sherehe akaliona pia, akaligusa, akaliacha. Kwa maelekezo ya binti akaliburuta sanduku mpaka chumba cha kuhifadhia mizigo pale pale ukumbini, akapewa kikaratasi, kisha akapita ukaguzi amelikumbatia lile bunda kifuani huku vibanio vya nywele vya Mama vikidondoka kutoka kwenye mashuka.

Langoni, abiria walikuwa wamekwisha kuingia. Mama alikuwa amesimama mbele ya mhudumu, na kiti cha jirani yake kilikuwa kitupu kwenye orodha ya kompyuta.

"Mama, ingia. Tunafunga."

Kwa hesabu zake Mama, gauni lilikuwa tumboni mwa ndege ile, na binti yake alikuwa anamngoja upande wa pili. Mwanamume wake alikuwa amepotea kwa ukaidi, na hasira aliyokuwa nayo, anakiri, ingetosha kuirusha ndege bila mafuta. Angeingia. Hakuna ambaye angemlaumu, mimi wa kwanza.

Aliinua mkono, akagonga meza ya mhudumu kwa kiganja. Mara moja.

Mhudumu akashtuka. "Nini, mama?"

"Bado mmoja."

"Mama, tumemwita kwa kipaza sauti."

"Huyo hasikii kipaza sauti. Yuko kwenye buti." Na hakuondoa kiganja mezani.

Mhudumu alinyanyua simu ya ukutani, akazungumza na mtu, akasema anampa dakika alizonazo, hazizidi. Mama anasema wakati ule ndipo alipoanza kuogopa kwamba Baba amekuwa sahihi, na kwamba hilo lilimtisha kuliko Baba kuachwa.

Halafu akamwona. Anakuja na korido anahema, shati limetoka suruali, kamba ya manila shingoni, na kifuani mashuka yake mawili anayoyajua mpaka mshono.

Hapo ndipo Mama alipoondoa kiganja mezani. Hilo wote wawili wanakubaliana.

Walikaa viti vyao, na gauni likalala magotini mwao, nusu kwa Baba, nusu kwa Mama, na hakuna aliyeliegemea. Mama alipapasa ndani ya shuka, akahesabu vifungo vyote kwa vidole.

"Na la kwangu?" aliuliza.

"Limebaki kule. Na suti yangu."

"Kwa hiyo mimi nitakwenda harusini na hizi."

"Mikono yangu ni miwili, mama watoto."

Mama alitazama mbele. Kwenye picha za harusi yuko pembeni ya Dada, na gauni la Dada ni zuri mno, na yeye mwenyewe amevaa sketi ya safari na kandambili za ndani ya ndege, maana viatu navyo vilikuwa sandukuni. Baba yuko na koti la kuazima lililompwaya mabegani. Mtu asiyejua atadhani wamepita njia.

Ila hayo ni ya kesho yake. Siku ile mlango wa ndege ulifungwa, na ndege haikuondoka mara moja. Watu wakaanza kuulizana. Baba, kwa mazoea, alikuwa anachungulia dirishani kuona kama buti limefungwa vizuri.

"Limefungwa?" Mama aliuliza, kwa sauti ambayo kwa mara ya kwanza haikuwa ya kumcheka.

"Limefungwa."

Mama akanyoosha mkono juu ya gauni, akagonga ukuta wa ndege kando ya dirisha la Baba, mara mbili.