Sambusa za Yaslam Hazifunikwi

Mama mkwe wangu, Hajja Shafiqa, alikuwa mwepesi wa kusamehe. Umchelewe, umjibu ovyo, uvunje kikombe chake cha kahawa, yote yalipita. Sambusa tepetevu ndiyo ambayo hakuisamehe. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, ananiona kama kivuli kinachopita, kwa hiyo sambusa aliipima kwa sikio. Aliishika, akaisogeza karibu na shavu, akavunja ncha. Ikilia kau, alimshukuru Mungu. Ikikunjika kimya, aliuliza kwa sauti ya mtaa mzima, "Nani kanipa kitambaa cha kudekia?"

Mtaani kwetu Shekh Othman, hapa Aden, mwezi wa Ramadhani, sahani haitoki nyumba moja kwenda nyingine bila kufunikwa. Ni adabu, na ni kinga dhidi ya macho ya watu. Nadhira, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa akitoa sambusa kwenye mafuta zikichemka, anazifunika kwa sahani nyingine, anazileta kwetu akijisifu. Zilifika zimejaa jasho. Mama hakumwambia neno. Nadhira akigeuka tu, Mama ananisukumia sahani: "Ishraq, ziokoe hizi masikini."

Kuziokoa ndiko alikonifundisha tangu nilipoolewa, na alinifundisha kwa makofi ya mkononi. Kikaango kizito cha chuma, kikavu, bila tone la mafuta, kwa kuwa sambusa imeshakunywa mafuta yake. Moto mdogo. Ukiharakisha, ngozi inaungua na nyama ndani bado baridi. Unazipanga zisigusane, unazigeuza upande kwa upande na kuzisimamisha kwenye ubavu wake mwembamba, mpaka mvuke utoke na ngozi ianze kukwaruza chuma. Na kifuniko, kamwe. "Mvuke ukikosa njia unarudi maji," alisema. "Ukifunika umezipika upya, lakini umezipika uji."

Elimu yote hiyo ilikuwa kwa ajili ya Yaslam. Yaslam ni mdogo wa mume wangu, kitindamimba, dereva wa lori la vitunguu. Barabara kuu ilikuwa imefungwa na vita, kwa hiyo malori yalipita juu milimani, kwenye njia ambayo mbuzi mwenye akili angeikataa. Hakuwahi kufika nyumbani wakati wa kufuturu hata mara moja. Alifika watu wakishaswali Isha, vumbi mpaka kwenye kope, anapiga honi kona ya msikiti, na Mama anapaza sauti, "Kikaango!" Fungu lake lilikuwa limekaa pembeni tangu Magharibi, juu ya wavu wa waya ili hewa ipite chini, wazi kabisa, hata nzi tukiwafukuza kwa mkono. Joto la Aden na unyevu wake vinailegeza sambusa kwa saa moja tu. Lakini Yaslam alipokaa na kuuma ya kwanza, sisi tulioko jikoni tulisikia. Alikuwa akiuma kwa makusudi, kwa fujo, amsikilizishe mama yake.

"Sasa hivi zimetoka kwenye mafuta?" aliuliza kila mara.

"Sasa hivi, mwanangu," Mama alimdanganya, na wote wawili wanacheka.

Siku ninayoisimulia, Yaslam alikuwa amepiga simu asubuhi. Amepakia, anashuka, Isha atakuwa nyumbani. Mama akaamka na nguvu za msichana. Adhuhuri, yeye amelala kidogo, mume wangu Awadh akaniita uani. Uso wake ulikuwa wa rangi ya jivu. Lori la Yaslam limeteleza bondeni. Wenzake wameshuka kwa kamba, wamemtoa. Amekufa.

Nilifungua mdomo, Awadh akauziba kwa kiganja chake.

"Usilie. Nakuomba, Ishraq. Mama amefunga, na presha yake unaijua. Akisikia sasa hatafungua kinywa, hatameza dawa, tutazika wawili. Naenda kumleta ndugu yangu. Mwache afuturu, anywe dawa, anywe maji. Nikirudi nitamwambia mwenyewe. Mimi, si mwingine."

"Nitakaa naye vipi mpaka jioni? Unanipa kazi gani hii?"

"Hakuoni uso," alisema Awadh. Akaondoka.

Nilimchukia kwa neno hilo, na alikuwa amesema kweli. Niliwapeleka watoto kwa Nadhira. Yeye alikuwa ameshapata habari, mtaa wetu habari haina mlango. Alinikumbatia, nikamwambia asije, asije mtu yeyote, mpaka Awadh arudi. Kisha nikarudi ndani kukunja sambusa na mama wa marehemu.

Tulikaa sakafuni, sinia katikati. Yeye vidole vyake vilikuwa vinaona vizuri kuliko macho ya watu. Anajaza nyama na kitunguu, anakunja pembe, anaziba kwa unga wa maji. Mimi machozi yananidondoka kwenye kanga, nayaacha yadondoke, nachunga pumzi tu isikatike.

"Umenyamaza leo," akasema.

"Kitunguu, Mama."

"Kitunguu hakikati ulimi. Mmegombana na Awadh?"

"Kidogo."

"Ana kichwa kigumu, kama baba yake. Nilimwambia Mungu, huyu mmoja nimekosea, nipe mwingine laini. Akanipa Yaslam." Akacheka. "Zidisha pilipili kwenye zake. Na baada ya Idi tumtafutie mke, basi. Atafute mtu mwingine wa kumpashia moto."

"Inshallah, Mama."

Ulimi wangu ndio uliosema. Sijui uliwezaje.

Magharibi ilipoadhiniwa alikula tende, akanywa maji, akanywa mtindi, akameza dawa zake mbele yangu. Nikajiambia moyoni: Basi, nimefanya nilichoombwa, kilichobaki ni cha Awadh. Alikula sambusa mbili, akazisikiliza, akaridhika. Fungu la Yaslam aliliweka mwenyewe kwenye wavu, akazipapasa moja moja kuona kama zimeachana.

Watu walipotoka kuswali Isha, honi haikulia. Alikaa kwenye mto wake karibu na mlango wa jiko, shingo ameielekeza barabarani.

"Anachelewa. Atakuwa ameshikwa kwenye foleni ya kizuizi," akasema. "Anza kuzipasha, polepole. Akifika zikiwa tayari ataona maajabu."

"Tungoje honi, Mama. Zitakauka sana."

"Moto mdogo haukaushi sana. Nani aliyekufundisha, mimi au wewe? Washa."

Nikawasha. Ningefanya nini? Nikaweka chuma, kikapata moto, nikazipanga zisigusane. Nikasimama nikizigeuza. Hivi ndivyo ilivyokuwa: mtu amelala kwenye gari barabarani amefungwa kwenye blanketi, na mimi nageuza chakula chake upande wa pili ili kisimkere mdomoni. Mvuke ukaanza kupanda, harufu ya nyama na giligilani ikajaa jiko. Zikaanza kukwaruza chuma. Zilikuwa karibu tayari. Nilitaka kupiga kelele mpaka paa litoke.

Nikasikia gari nje. Si lori. Milango ikafunguliwa taratibu, nyayo nyingi za wanaume, na hakuna aliyezungumza. Awadh alikuwa amefika.

Nilizima moto. Nikachukua kifuniko kwenye ndoano, nikakifunika kikaango, nikafuta mikono. Ndivyo mtu anavyofanya na chakula ambacho hakina mlaji, anakifunika ili paka wasikiguse, kesho ataona. Sikulifikiria. Mkono wangu ulikuwa unajua jambo, ukatenda kama unavyojua.

"Mbona umezima?" Mama akauliza.

"Tayari, Mama."

"Sikusikia ukizitoa."

Akainuka, akashika ukuta, akaja. Mkono wake ulitafuta kikaango, ukakuta kifuniko. Ukasimama hapo. Alikipapasa pembeni mpaka pembeni, kama hajui ni kitu gani. Kisha akakiinua. Mvuke ukamjia usoni, na maji yakachuruzika kutoka kwenye kifuniko mpaka kwenye kiwiko chake.

Akachukua sambusa moja. Akaisogeza shavuni. Akaikunja. Haikulia.

"Umezifunika," akasema.

"Nimesahau, Mama. Samahani. Nitaziwekea moto tena, zitarudi, dakika tu."

"Wewe chumvi unasahau. Kufunga mlango unasahau. Hili hukulisahau hata siku uliyokuwa na uchungu wa kuzaa. Ulikuwa umeshika kiuno na unazigeuza." Sauti yake haikupanda. "Ungekuwa unamngoja, Ishraq, usingezifunika."

Nilikuwa nimenyamaza tangu adhuhuri, nimeuma meno, nimekula naye, nimemwitikia habari za harusi. Nilidhani nimeshinda.

"Tangu lini?" akauliza.

"Adhuhuri."

"Na ulikunja sambusa na mimi."

"Awadh alisema ufuturu kwanza. Unywe dawa. Mama, nisamehe."

"Uliniacha nicheke."

Akakaa chini palepale, mgongo kwenye kabati, kikaango akakivuta mapajani. Chuma kilikuwa bado cha moto, nikakiona kikimchoma kupitia kanzu, nikakishika kumwondolea, akanipiga mkono kama alivyokuwa akinipiga zamani za kunifundisha. Nikaacha.

Awadh akatokea mlangoni, nyuma yake madereva wawili wenye vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa ameyapanga maneno yake njia nzima, niliyaona yamesimama usoni mwake. Alimwona mama yake sakafuni, akaniangalia. Nikatikisa kichwa. Hakukuwa na kitu kilichobaki cha kumwambia.

Mama hakugeuka. Alitoa sambusa ya kwanza, ikampasukia vidoleni, laini, nyama ikachungulia. Akaitia mdomoni. Kisha ya pili. Mwanamke ambaye hakuwahi kusamehe hata sambusa moja iliyolegea, alizila zile zote, pilipili yote ya Yaslam, machozi yanamtiririka na kidevu kimelowa mafuta, wala hakuna aliyethubutu kumzuia. Tulisimama tukisikiliza. Alikuwa akitafuna na hapakuwa na sauti yoyote.