Maziwa Niliyomnyonyesha Zamda

Nitalala kidogo tu, najiambia, mpaka iadhiniwe alasiri, maana ndoa ya mwanangu Hamdani inafungwa baada ya sala na miguu yangu imevimba kwa kusimama jikoni tangu alfajiri. Najinyoosha mkekani katika chumba cha ndani. Nje wanawake wanapiga vigelegele, na vigelegele vinasogea mbali, vinakuwa vyembamba, vinakuwa njia, na mimi niko juu ya njia hiyo, pekupeku, nimevaa nguo zangu za harusi. Njia inakwenda na kurudi ilikotoka. Kushoto upo mji wetu wa Tabora, kulia upo Tabora mwingine unaoutazama wa kwanza kama uso unavyotazama kioo, nyumba kwa nyumba, dirisha kwa dirisha, na katika kila dirisha mtoto analia. Namjua mtoto huyo. Ni Zamda, bibi harusi, akiwa na miezi minne. Mwanamke anatembea mbele yangu. Anageuka, na pale penye uso hapana kitu, ngozi tupu kama kiganja. Wewe nani? namuuliza. Mimi ni yule uliyemwapia, anasema, na sauti ni ya marehemu Bi Sikujua, bibi yake Zamda mzaa baba. Unanipeleka wapi? Mahali ambapo ukinyamaza unasikika, anajibu. Namwambia sitaki mafumbo, nataka kurudi nyumbani. Nyumbani ndiko tunakokwenda, anasema, lakini mlango ni mdomo wako.

Kila nyumba tunayoipita ni ile ile, nyumba ya Bi Sikujua, miaka ishirini na sita iliyopita. Najiona ndani yake, kijana, Hamdani wa miezi kumi yuko mgongoni. Bi Sikujua ananikabidhi mjukuu wake aliyekauka midomo. Mama yake, Kuruthumu, amelazwa hospitali kwa kipindupindu, na mtoto anatapika maziwa ya ng'ombe, anatapika uji, anatapika hata maji. Mnyonyeshe, Mwamvua, ananiambia, mtoto anakufa huyu. Lakini Kuruthumu asijue. Kuruthumu hasemi nami, kwa sababu mumewe Shabani aliwahi kunichumbia mimi kabla yake, na Kuruthumu mwenyewe ameshatangaza kisimani kwamba mwanawe hatagusa hata kanga yangu. Naapa. Natoa titi. Mtoto anashika, ananyonya hadi anaachia mwenyewe, amelewa shibe. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, asubuhi na jioni, kwa siku tisa. Kuruthumu anarudi amekonda, baada ya mwezi wanahamia Kigoma, na mimi nameza kiapo changu nikidhani kimekwisha. Umehesabu? ananiuliza asiye na uso. Tisa mara mbili, nasema. Na mwanao anaoa nani leo? Mji wa kulia na mji wa kushoto inaanza kukaribiana, kuta zinagusana, nami nabanwa katikati, nasukumwa mbele, naangukia mlangoni kwangu.

Nyumba imejaa. Wanaume wameketi kwenye mazulia, ubani unafuka, Sheikh Mavura amekwisha kusoma hotuba. Mzee Shabani, baba wa bibi harusi, amemshika Hamdani mkono wa kulia. Nimekuozesha binti yangu Zamda, anasema, kwa mahari mliyokubaliana, msahafu na cherehani. Watu wote wanangoja neno moja la mwanangu. Akisema nimekubali, imekwisha. Namwona anavuta pumzi. Usiseme! napiga kelele, na navuka pazia la wanawake mpaka katikati ya wanaume.

Nisikilizeni, nasema. Mimi ni Mwamvua, mama wa Hamdani, na nimenyamaza miaka ishirini na sita. Zamda nimemnyonyesha. Mama yake akiwa hospitali, mimi nilimnyonyesha ziwa lile lile alilokuwa akinyonya Hamdani. Bi Sikujua aliniapisha nisiseme. Hamdani alipomleta huyu binti kutoka Dodoma, walikokutana kazini, sikumjua, jina la Zamda si la mmoja. Nilijua siku ya posa, Kuruthumu aliposhuka kwenye gari. Nilifungua mdomo. Naye akanikumbatia mbele ya watu, akalia, akaniomba radhi kwa ugomvi wa zamani, nikaufunga mdomo. Nikajiambia labda hayakutimia masharti ya kuwafanya ndugu wa kunyonya. Nilikuwa najidanganya. Nimemwona mwanangu akicheka mwezi mzima na kila alipocheka nilikufa kidogo. Sitaki anisamehe. Nataka asiseme neno hilo.

Mwanamke huyu amerukwa na akili, anasema Mzee Shabani, bila kuuachia mkono wa Hamdani. Sheikh Mavura anainua kidole. Bi Mwamvua, ananiuliza, mtoto alikuwa na umri gani? Miezi minne. Hajatimiza miaka miwili, basi. Ulimnyonyesha mara ngapi? Mara kumi na nane, Sheikh. Katika madhehebu yetu tunataka mara tano, zilizo mbalimbali. Je, alikuwa anaachia titi mwenyewe, au ulikuwa unamnyang'anya? Alikuwa anaachia mwenyewe, ameshiba. Maziwa yalikaa tumboni? Yalikaa, hakutapika hata siku moja. Yuko mwingine aliyeona? Bi Sikujua tu, na amekufa. Sheikh anashusha pumzi. Ushahidi wa mwanamke mmoja katika jambo hili wanazuoni wamehitilafiana, anasema. Siwezi kuuvunja uchumba huu kwa neno lako peke yake. Lakini bwana harusi akikiri kwamba huyu ni dada yake wa kunyonya, hapo yeye mwenyewe amejiharamishia, na mimi sifungishi. Anamgeukia. Hamdani, unamwamini mama yako?

Nyuma ya pazia sauti ya Kuruthumu inasikika, ndogo. Nilipotoka hospitali, anasema, mwanangu alikuwa amenona. Nilikuwa nimeacha mtoto mgonjwa, nikakuta mashavu. Mama mkwe aliniambia ni uji. Nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini.

Hamdani ananitazama. Najua akisema simwamini, sheikh atafungisha na nitakuwa mama mwongo mpaka kaburini, na mwanangu ataingia ndani na dada yake. Anatazama mkono wake uliomo ndani ya mkono wa Mzee Shabani. Namwamini, anasema. Na anautoa mkono.

Pazia linafunguka. Zamda anatoka na shela lake, maua ya piko mikononi mpaka kwenye viwiko. Anasimama mbele yangu tu, hamtazami mtu mwingine. Kwa nini hukusema siku ya posa, anauliza, kabla sijampenda kiasi hiki? Niliogopa, mwanangu. Usiniite mwanao, anasema, halafu anasita, kwa sababu ndivyo alivyo, na sote wawili tunalijua hilo. Sheikh anasema kwa upole kwamba wanaweza kukaa pamoja kama ndugu, hata kushikana mikono si haramu kwao. Hamdani ananyoosha mkono. Zamda anautazama. Kaka, anasema, anageuka, anaingia ndani. Hakuna anayelia. Asiye na uso amesimama mlangoni, na ngozi ile tupu inaanza kutoboka, macho yanakuja, pua inakuja, na kabla mdomo haujaja natambua kwamba uso huo ni wangu.

Naamka. Mkeka, ukuta, kanga juu ya msumari. Nje kimya, hakuna vigelegele, hakuna ngoma, na sijui kama ni kimya cha watu wanaongoja au cha watu waliokwisha kutawanyika. Koo linaniuma kama mtu aliyepiga kelele. Mlango unagongwa. Mama, ni sauti ya Hamdani, tunakungoja wewe tu. Nafungua, namtazama usoni nitambue kama analia au anacheka, na mwanga uko nyuma yake, siuoni uso wake. Mwanangu, namuuliza, nimeshasema? Useme nini, Mama? anauliza, au labda anasema, umeshasema, Mama. Masikio yangu bado yamo njiani. Basi namshika mkono, namketisha mkekani karibu yangu, na naanza upya, tangu siku ile Bi Sikujua aliponikabidhi mtoto aliyekauka midomo.