Faili la Pili

Kwenye kompyuta ya dukani kwangu kuna mafaili mawili ninayoyafungua kila siku. La kwanza nimeliita Mgonjwa, la pili Marehemu.

Duka lenyewe liko mkabala na geti la hospitali, kati ya duka la dawa na fundi simu. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, lakini kinachonilisha ni tafsiri. Watu wanakuja na ujumbe wa kuomba mchango, wanataka uwafikie walioko nje: wakwe wasiojua Kiswahili, wajukuu waliozaliwa huko, wafanyakazi wenzake na binamu. Wanaleta maneno yetu yale yale, salamu ndefu, Mungu kwanza, hali ya mgonjwa wetu si nzuri, tunaomba chochote ulichojaliwa. Huku kwetu hayo yanatosha. Huko nje hayatoshi. Wanataka kujua anaumwa nini hasa, daktari amesema nini, fedha inatakiwa lini, na picha. Nikiwauliza wateja hayo, wananuna. "Ugonjwa wa mtu unawahusu nini?" Nawajibu wasipouandika, pesa haiji, na ikija ni ya soda.

Miaka kumi na miwili nimefanya kazi hii, na kuna jambo moja sijalizoea. Faili la pili linaleta pesa kuliko la kwanza. Mtu aliyekaa kimya mwezi mzima wakati mwenzake yuko kitandani, akisikia amekufa, anatuma siku hiyo hiyo tena kwa machozi. Nilikuwa nikilisimulia jambo hili kama utani. Sasa silisimulii tena.

Mdogo wangu, kitindamimba wetu, aliharibikiwa na valvu ya moyo. Daktari alisema kuna madaktari bingwa wanakuja kwa wiki moja tu, na valvu yenyewe inaagizwa nje. Haiagizwi mpaka malipo ya awali yaingie hospitali, mwisho Ijumaa. Kufika Ijumaa hiyo zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Kaka yetu mkubwa, ambaye tunamwita Mwenyekiti kwa sababu hajawahi kuingia kwenye kikao akakaa pembeni, akaunda kamati. Mimi nikaandika ujumbe. Sikuficha kitu: jina la ugonjwa, makadirio ya hospitali, tarehe, picha yake akicheka. Binti wa shangazi yetu aliye nje, nesi, akafungua ukurasa wa michango huko na kuusambaza. Ulikuwa ujumbe bora kuliko wote niliowahi kuandika. Katika siku kumi na nane haukufikisha hata robo.

Siku ya Jumatatu Mwenyekiti alikuja dukani, akavuta kiti cha wateja.

"Mdogo wangu, tuwe watu wazima. Tafsiri na ule mwingine kabisa."

"Upi?"

"Unaujua. Siku ikifika hutakuwa na akili ya kuandika."

Nilimwambia atoke dukani kwangu. Hakutoka. Akakaa pale mpaka wateja wakaanza kututazama, na mimi, kwa hasira tu, nikafungua faili la pili, nikabadilisha jina na uhusiano, nikamtumia kwenye simu. "Hiyo hapo. Ole wako uiguse." Kaka yangu hajui Kiingereza hata cha kuombea maji.

Jumanne asubuhi alitaka kuwakumbusha ndugu wa nje kwamba Ijumaa inakaribia. Simu yake ilikuwa na jumbe mbili ndefu kutoka kwangu, zote kwa Kiingereza, zote zikianza na jina la mdogo wetu. Akasukuma wa chini kwenye kundi la ndugu wote.

Nilijua pale nesi aliponipigia. Hakuwa anaongea, alikuwa analia tu. Kabla sijaelewa, ameshabandika habari kwenye ukurasa. Nilipoufungua nikaona majina ambayo sikuwahi kuyaona: mabosi, majirani, kanisa zima. Hadi saa sita mchana fedha ya valvu ilikuwa imetimia na kuzidi.

Tulikutana wodini, mimi na Mwenyekiti, mmoja kila upande wa kitanda. Mdogo wetu alikuwa ameegemezwa mito mitatu, maana akilala chali anakosa pumzi.

"Tunyamaze," Mwenyekiti alisema. "Pesa itoke, tulipe, apasuliwe. Akipona tutaomba radhi. Nani atakasirika kusikia mtu mzima?"

Mdogo wangu alituangalia, akaanza kucheka kidogo kidogo, kwa jinsi pumzi ilivyomruhusu.

"Kanisa zima, Dada? Mimi?"

"Usiongee sana."

"Waache waniombolezee. Si wanalipa?"

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika nguzo ya kitanda, halafu nikaenda kufanya ujinga wangu. Maana nilikuwa najivuna. Miaka kumi na miwili sijawahi kutuma uongo nje, hata mteja anisihi vipi, na sikutaka wa kwanza uwe wa damu yangu. Tena nesi alikuwa anatafuta tiketi aje kuzika. Na nilikuwa na imani, Mungu anisamehe, kwamba watu waliomlilia amekufa watafurahi kusikia yu hai, na fedha yao itabaki pale pale.

Nikaandika ukweli. Kwamba ni kosa la ndugu asiyesoma lugha, kwamba yuko hai, kwamba fedha ile ile inaweza kumponya kama itafika kabla ya Ijumaa. Nikaweka picha yake na gazeti la siku hiyo.

Wachache walishukuru Mungu, na wawili wakaongeza. Lakini mmoja aliuliza ni familia gani inayoandika tanzia ya mtu aliye hai. Wa pili akataka kurudishiwa chake, wa tatu naye, na mtu mmoja akaripoti kwamba ni utapeli. Jumatano jioni wenye mtandao wa michango wakaufunga ukurasa na fedha zake mpaka wafanye uchunguzi. Siku saba za kazi, walisema. Nesi aliwapelekea makadirio ya hospitali na barua ya daktari. Wakajibu kwa adabu kwamba wamepokea.

Ijumaa tulikwenda dirisha la malipo na tulichokuwa nacho mkononi. Karani alikihesabu, akakirudisha. Madaktari wale walikuja, wakapasua wengine, wakaondoka. Mwenyekiti hajanilaumu hata kwa neno moja, na ningemshukuru kama angenitukana.

Mdogo wangu aliishi siku ishirini na sita baada ya hapo. Jioni ya mwisho aliniuliza kama kanisa lile bado linamwombea.

Kaka alikuja dukani asubuhi. Safari hii hakukaa. "Andika," alisema. Hakukuwa na cha kuandika. Maneno yalikuwa tayari kwenye simu yake na yangu pia. Nilibadilisha tarehe tu, nikatuma kwenye kundi la ndugu na kwa wachangiaji ambao nesi alinipa namba zao.

Nilikaa nikiitazama simu. Walisoma wote, alama zinaonyesha. Saa ikapita, nyingine ikapita. Mwishowe akajibu mtu mmoja, bosi wa nesi, mama mwema aliyetoa nyingi kuliko wengine mara ile ya kwanza na hakuwahi kuzidai.

Aliandika kwamba anaomba radhi kuuliza, ila safari hii angependa kuona cheti.

Nilitoka, nikavuka barabara, nikaingia geti la hospitali. Nilirudi na karatasi yenye muhuri bado mbichi. Nikaiweka kwenye mashine, nikaitoa kopi safi, kisha nikakaa kuitafsiri.