Alama Ishirini na Moja

Barua yenyewe ilikuwa fupi, ya mkono, kwenye karatasi iliyochanwa daftarini na kunyooshwa kingo kwa mkasi ili ionekane ya heshima. Mhadhiri wa Takwimu aliikuta imepenyezwa chini ya mlango wa ofisi yake, wiki tatu kabla ya mitihani, akaisoma akiwa bado amesimama na funguo mkononi.

Wanafunzi walimwita Desimali. Alijua, na kusema kweli jina lilimpendeza. Nani mwingine idarani angempa mwanafunzi saba na nusu, pale wenzake wanapotupia nane wakawahi chai? Kwake alama hazikuwa peremende za kugawia watoto. Ulichopata ndicho ulichopata.

Mwandishi wa barua alikuwa yule mama wa miaka thelathini na kitu aliyekaa safu ya mbele karibu na mlango, ambaye darasa zima lilimwita Mama Pacha kwa sababu ya watoto wake wawili. Aliandika hivi:

"Mwalimu, kwenye ubao nimeona alama zangu za kazi za darasani ni 29 kati ya 40. Naomba mchanganuo wake, maana sina hakika kama kazi ya kikundi imehesabiwa. Pia naomba unijulishe nahitaji alama ngapi kwenye mtihani ili nifaulu. Siulizi kwa uvivu. Somo hili narudia kwa mara ya pili, na nikianguka tena naondolewa chuoni. Siku inayofuata nina mtihani wa Utafiti, na huko hali yangu ni mbaya zaidi. Muda wangu wa kusoma ni ule wanangu wakiwa shule. Nataka kujua niugawe vipi."

Barua ilimgusa. Wanafunzi wengi humjia wakilia, wakimtaja Mungu, wakimkumbusha kuwa naye ni mzazi. Huyu alikuwa anauliza hesabu. Akaketi papo hapo akamjibu kwa kompyuta: jaribio la kwanza 11 kati ya 15, jaribio la pili 9 kati ya 15, kazi ya kikundi 9 kati ya 10, jumla 29. Alama ya kufaulu ni 50. Kwa hiyo unahitaji angalau 21 kati ya 60 kwenye mtihani wa mwisho. Akachapa, akatia saini, akamkabidhi mwenyewe mlangoni mwa darasa.

"Ishirini na moja," Mama Pacha alisema, akiisoma mara mbili. "Mwalimu, una hakika?"

"Mama, mimi nafundisha Takwimu."

Akacheka, akaikunja barua akaitia mkobani. Wiki tatu zile alizigawa kama alivyosema: asubuhi tatu za Takwimu, nyingine zote za Utafiti.

Mitihani ikaja ikapita. Desimali alisahihisha kwa siku sita, na alipofika kwenye kitabu cha Mama Pacha alikijua kwa namba ya usajili, kwa kuwa aliwahi kuitafuta kwenye daftari la mahudhurio. Akakisahihisha kama vingine. Alipojumlisha akapata 22. Ishirini na tisa na ishirini na mbili, hamsini na moja. Amepona, akajisemea, na akajikuta amefurahi kama vile aliyefaulu ni ndugu yake.

Furaha hiyo ilidumu mpaka alipoingiza alama kwenye mfumo. Palipotakiwa kuandikwa "amefaulu" paliandikwa "ameshindwa", kwa rangi nyekundu. Akafuta, akaingiza upya. Nyekundu ileile. Akainuka kwenda kwa mratibu wa mitihani wa idara, mama mmoja mpole aliyefanya kazi hiyo miaka kumi na moja na ambaye hakuna alichokisahau.

"Mfumo wenu umeharibika, dada. Hamsini na moja imekuwa kushindwa tangu lini?"

Mratibu akageuza kioo cha kompyuta yake, akaangalia, akamtazama.

"Tangu mwaka huu, kaka. Jumla iwe hamsini, na mtihani wenyewe upate angalau asilimia arobaini. Arobaini ya sitini ni ishirini na nne. Huyu ana ishirini na mbili."

"Kanuni hiyo imepita lini?"

"Kikao cha mwezi wa tatu. Wewe ndiye uliyeunga mkono hoja." Hakusema kwa kejeli. Alikuwa anakumbuka tu.

Basi Desimali naye akakumbuka. Kikao kile kilirefuka, watu walikuwa na njaa, na mkuu wa kitivo alilalamika kwamba wanafunzi wanabebwa na kazi za vikundi halafu wanakuja kulala kwenye mtihani. Akauliza nani anaunga mkono. Desimali akainua mkono, kwa sababu alikubali, na kwa sababu alitaka kwenda kula. Mkuki kwa nguruwe. Baada ya hapo alinakili mwongozo wa kozi wa mwaka uliotangulia kama ulivyo, akabadilisha tarehe tu. Na barua ya Mama Pacha aliijibu kwa kichwa, kama mtu anayejua.

Alirudi ofisini akakaa bila kuvua koti. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto.

Kesho yake mratibu alimfuata, akafunga mlango.

"Bodi ya watahini inakaa Ijumaa. Kabla ya hapo kalamu ni yako. Chukua kitabu chake ukisome tena, kwa macho ya huruma. Alama mbili tu, kaka. Hakuna mtahini anayekosa alama mbili kwenye kurasa kumi na nne."

"Na wengine je? Wapo wawili zaidi walioanguka kwa kanuni hiyo hiyo."

"Hao hukuwaandikia barua."

Akavisoma vyote vitatu. Wawili wale hawakupata kitu. Kwenye cha Mama Pacha alipata nusu: mahali fulani alikuwa amepanga hesabu sawasawa kisha akakosea kujumlisha. Ishirini na mbili na nusu. Akatafuta mpaka macho yakamwuma, na kusema haki mtu mwingine angeipata ile moja na nusu iliyobaki. Swali la nne lilikuwa na maelezo ambayo kwa siku njema yangestahili tatu badala ya moja. Aliiweka kalamu juu ya ile moja. Akaiondoa.

Sitaghushi, akajisemea. Nitasema ukweli wote mbele ya bodi. Kosa ni langu, nitalibeba, na wao watampa mtihani maalumu. Msema kweli mpenzi wa Mungu. Akaandika waraka wa kurasa mbili, akaambatanisha barua zote mbili, ya mwanafunzi na yake. Hakuficha kitu. Aliandika hata kwamba alishauriwa kuzipitia upya alama kwa huruma, bila kumtaja aliyemshauri, na kwamba alikataa kuzidisha kwa sababu isingekuwa haki kwa wengine. Alipomaliza alijisikia mwepesi. Mimi msimuliaji ningependa kumwonea huruma, lakini wepesi ule ndio unaoniudhi mpaka leo.

Bodi ilikaa Ijumaa saa nne, chumba cha juu, viti kumi na viwili. Jambo la Mama Pacha lilichukua dakika tisa. Mkuu wa kitivo aliusoma waraka, akamshukuru Desimali kwa uwazi wake, kisha akafungua kitabu cha kanuni.

"Barua ya mhadhiri si kanuni. Kanuni ilibandikwa, ilitumwa kwa kila mwanafunzi, na kila mmoja alisaini siku ya usajili kuwa ameisoma. Huyu pia alisaini."

"Alisaini, mheshimiwa, lakini aliniuliza mimi," Desimali akasema. "Aliniuliza kwa maandishi."

"Tunajua. Na sasa kwa kuwa umeyaweka yote haya kwenye maandishi, hata mtu akitaka kusaidia atasaidia vipi? Alama zake zikibadilika leo, waraka wako utasomeka namna gani? Sheria ni msumeno, Dokta."

Msumeno hukata mbele na nyuma, wanasema. Siku hiyo ulikata upande mmoja. Desimali alipewa barua ya kumkumbusha kuwa makini. Mama Pacha akaandikiwa kuondolewa masomoni, na haki ya kukata rufaa ndani ya siku kumi na nne.

Alikata rufaa. Desimali mwenyewe alimsaidia kuiandika, wakikaa pande mbili za meza ileile, yeye akiomba radhi kila baada ya aya na mama yule akimjibu, "Tuendelee tu, mwalimu." Majibu yalirudi baada ya wiki saba, mistari mitatu: kanuni ilitangazwa ipasavyo, uamuzi unabaki. Nyuma yake walibandika nakala za karatasi zote zilizozingatiwa.

Siku mbili baadaye Mama Pacha alibisha hodi ofisini na fomu ya kuondoka chuoni. Fomu ile huzungushwa maktaba, bweni, maabara na kwa kila mhadhiri, ili kila mmoja atie saini kwamba mwanafunzi hana kitu chake. Sehemu zote zilikuwa zimejaa. Ilibaki yake.

"Keti, mama."

"Nitasimama. Watoto wananingoja getini." Akaiweka fomu mezani, na juu yake ile nakala ya waraka wa kurasa mbili. Alikuwa amepiga mstari chini ya sentensi moja. "Hii niliisoma jana. Nilitaka kuuliza kama nimeelewa. Kwamba uliambiwa unaweza kuniongeza, kabla ya kikao."

"Niliambiwa."

"Na ungeweza."

Angeweza kumjibu mengi. "Ningeweza," akasema. "Zilibaki moja na nusu. Lakini kulikuwa na wawili wengine, mama. Isingekuwa haki kwao."

Mama Pacha akamtazama kwa muda, si kwa hasira. Alimtazama kama mzazi anavyomtazama mtoto aliyevunja kitu akitaka kusaidia.

"Wale wawili nawajua. Kwao ilikuwa mara ya kwanza kuanguka. Walipewa mtihani wa marudio mwezi uliopita, wakafaulu. Leo wako darasani. Hukuuliza, mwalimu?"

Hakuuliza. Alikuwa na orodha nzima kwenye kompyuta ile ile, namba kwa namba, ni nani anarudia na ni nani hajawahi kuanguka, na hakuwahi kuifungua.

"Mimi nilikuuliza," mama yule akasema. "Kabla sijagawa muda wangu, nilikuuliza."

Desimali akachukua kalamu. Sehemu ya mwisho ya fomu ilitaka aandike kama mwanafunzi anadaiwa chochote na somo lake. Akaandika hapana, akatia saini na tarehe, akaisukuma upande wa pili wa meza. Mama Pacha akahakikisha saini iko mahali pake, akauliza kitambulisho kinarudishwa chumba gani. Akamwambia ni chumba namba nne, awahi kabla ya saa tisa, maana siku hiyo hufunga mapema.